Ripoti ya Ukaguzi wa Nishati: Muhtasari kwa Mwenye Kiwanda

Ndugu Mkurugenzi,

Mzigo wa kiwanda ukifika kilele ni kW 400, lakini kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi halisi, ni 0.78 tu. Kwa hiyo transfoma inabeba kVA 513, yaani umeme wote unaovutwa, unaofanya kazi na usiofanya, na bili yako inatozwa kwa kVA hizo. Chanzo ni mota, hasa zile kubwa za kusagia zinazozunguka bila kazi. Tunapendekeza kapasita za kVAr 200, ziwape mota ule umeme usiofanya kazi badala ya kuuvuta kupitia transfoma. Kipengele kitapanda hadi 0.95 na kilele kushuka hadi kVA 421. Ziwe za kujiwasha na kujizima zenyewe kufuata mzigo. Zikiachwa zimewaka usiku mota zimezimwa, volteji itapanda na kuharibu vifaa.

Taa 120 za ukumbini, kila moja wati 430 pamoja na balasti, zibadilishwe kwa LED za wati 150. Kwa saa 4,000 kwa mwaka, utaokoa kWh 134,400.

Gharama ya kapasita itarudi ndani ya miezi 14, ya taa miezi 20. Muda huu haujahesabu riba, ukikopa, utarefuka. Anza na kapasita.