Mpaka Daku Tupo: Matangazo ya Duka la Kona, Ngamiani

(Ubao wa mlangoni, kuanzia siku mwezi unapoandama)

Ramadhani karimu, wateja wetu wa Ngamiani na Tanga nzima. Mwezi huu duka linafunguliwa saa 3 asubuhi. Saa 12 na robo jioni tunashusha shata, twende tukafuturu na tukaswali kama ninyi. Tukitoka tarawehe, saa 3 usiku, shata linapanda tena, na halishuki mpaka saa 10 alfajiri.

Bei ya mchana ndiyo bei ya usiku. Bei ya Shaabani ndiyo bei ya Ramadhani, kwa kila kitu tulichokwisha kukiweka ndani kabla ya mfungo. Kitakachopanda huko kwenye jumla tutakuandikia hapa ubaoni mapema, usije ukakisikia mbele ya mzani.

(Ujumbe wa simu, wiki ya kwanza)

Assalaamu alaykum. Unga umeshakanda, mafuta yako jikoni, unafungua kabati: hamira imebaki vumbi la chini ya pakiti. Usihangaike, mama. Mtume mtoto. Hamira ipo, hiliki ya Amani ipo, na kaimati zako zitaumuka. Mtoto aliyetumwa tunamhudumia kwanza, chenji tunamfungia kwenye karatasi pamoja na bei, na akivuka barabara tunamtazama mpaka afike ng'ambo.

Nazi za Pangani tunakukunia hapahapa. Tui la muhogo, tui la ndizi mbivu, tui la maharage: sema tu unapika nini, tutakuambia nazi ngapi. (Mzee wetu wa mashine ana maoni yake kuhusu muhogo wa nazi moja. Mvumilie, naye amefunga.)

(Kipaza sauti, saa 10 jioni, kwa sauti ya chini, dakika moja tu)

Tende zimefika! Laini, na ngumu za kutafuna taratibu. Onja moja ukishafuturu, mchana tunakufungia uende nayo. Robo kilo tunapima, na tende tatu za kufuturia njiani tunauza pia. Hakuna kipimo cha kuonea haya hapa. Barafu ipo, ukwaju upo, machungwa ya Muheza yapo. Wahini kabla ya saa 12 na robo, nasi tuwahi nyumbani.

(Kibao kidogo juu ya kaunta)

Majirani zetu msiofunga, karibuni kama siku zote. Soda na maandazi mchana tunawafungia kwenye mfuko. Viti vya barazani tumeviingiza ndani mpaka jioni, na tunawashukuru kwa kutuelewa miaka yote.

(Ujumbe wa simu, saa 5 usiku)

Mko macho? Na sisi tuko macho. Mchele wa daku, mayai, maziwa ya mgando, majani ya chai. Dereva wa bodaboda unayerudi kijiweni, mlinzi wa zamu, muuguzi unayeingia usiku: taa ya kijani kwenye kona ndiyo sisi. Umeme ukikatika tuna karabai, na mzani wetu ni wa mawe, hauhitaji umeme.

Ukikuta kijana wetu amesinzia kwenye gunia la sukari, gonga kaunta polepole. Ataamka akisema "karibu" kabla hajafumbua macho.

(Kwa wateja wa daftari, ana kwa ana au kwa simu, kamwe si ubaoni)

Shikamoo bibi. Daftari liko wazi mwezi huu kama miaka mingine. Chukua cha kufuturisha watoto, tutahesabiana baada ya Idi. Jina lako halisomwi kwa sauti mbele ya watu.

(Ubao, kumi la mwisho)

Kumi la rehema limepita, la maghufira limepita, hili ndilo la kuachwa huru na Moto. Usiku wa witri wengi mtakuwa msikitini, nasi tutakuwa huko kwa zamu. Ukikuta mtu mmoja tu dukani, mstahi, foleni itakwenda.

Mchele wa zakatul fitri umeshafungwa. Kila mfuko ni pishi moja, yaani vibaba vinne, na mizani iko mbele yako ukitaka kuhakiki. Hesabu vichwa vya nyumbani, na mtoto mchanga yumo. Tuambie mapema, uchukue kabla ya swala ya Idi, maana baada ya swala inahesabika sadaka ya kawaida. Mwenye kutaka tumpelekee jirani yake kimyakimya, atuonyeshe mlango tu. Hatutasema imetoka kwa nani.

(Ubao, usiku wa kuandama mwezi wa Shawali)

Tambi, zabibu kavu, iliki, sukari: tupo mpaka saa 8 usiku. Kesho asubuhi duka limefungwa, tuko uwanjani kuswali. Swaumu makbul, na Idi njema.