Moyo Ukutani

Zilibaki dakika saba. Mkaguzi alikuwa ameshaketi nyuma, kalamu mkononi, na ukutani projekta ilionyesha "No Signal". Nikachomoa waya, nikaupuliza (sijui kwa nini tunapuliza kila kitu), nikauchomeka tena. Bado buluu tupu. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Jinja walisubiri wiki nzima kuona moyo ukidunda.

"Mwalimu," akanong'ona msichana wa dawati la mbele, "projekta iko kwenye VGA. Waya wako ni wa HDMI."

Nikabonyeza Source, nikachagua HDMI 1. Ukuta ukawa mweusi. Nikabonyeza Windows na P, kisha Duplicate. Moyo ukatokea, mwekundu, mkubwa kuliko mlango.

Umeme ukakatika.

Mkaguzi akacheka. Nikachukua chaki.