Mada iliyoshinda mwaka jana: maswali mliyoniuliza

Mwaka jana wanafunzi wawili wa klabu yetu ya sayansi walichukua nafasi ya kwanza kwenye maonyesho. Mradi wao ulihusu kusafisha maji ya tope kwa unga wa mbegu za mlonge. Mwaka huu nimepokea fomu 14 za mapendekezo, na 6 kati yake zina neno mlonge kwenye kichwa cha mradi. Moja ilikuwa na sentensi nzimanzima za bango la mwaka jana, pamoja na kosa la tahajia ambalo nilisahau kulisahihisha mimi mwenyewe.

Fomu hizo sita nilizirudisha bila saini, na tangu siku hiyo sipiti kwenye korido bila kusimamishwa. Haya hapa maswali yenu na majibu yangu.

Mwalimu, mada ilishinda. Kwa nini isishinde tena?

Kwa sababu haikushinda mada. Walioshinda ni watu wawili waliokuwa na daftari limejaa majaribio yaliyoharibika.

Wiki ya pili waliongeza unga wakidhani ukizidi ndipo maji yatakapong'aa zaidi. Yakarudi kuwa na tope. Walirudia mara tatu wakapata matokeo yaleyale, wakakasirika, ndipo wakaanza kusoma. Wakakuta kwamba chembe za udongo kwenye maji zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na kubaki zikielea. Protini iliyo kwenye mbegu za mlonge ina chaji chanya; hushika chembe hizo, zikagandamana kuwa mabonge na kutuama chini. Ukizidisha unga, chembe hujaa chaji chanya, zinaanza kusukumana upya, na tope linarudi pale pale.

Jaji alipowauliza, "Kwa nini mlichagua kipimo hiki na si mara mbili yake?", waliongea dakika nne bila kutazama karatasi. Ukinakili, unachonakili ni bango, na dakika zile nne hazikuwa kwenye bango.

Majaji watajuaje kwamba nimeiga? Wanaona miradi mingi mno.

Wanajua kwa sababu hiyohiyo kwamba wanaona mingi. Wengi hurudi mwaka hadi mwaka, na mradi ulioshinda ndio wanaoukumbuka kuliko yote. Ukisimama mbele yao na mada hiyo, unalinganishwa na ule wa kwanza hata kabla hujafungua mdomo.

Mimi pia nimewahi kukaa upande wa majaji, kwenye mashindano mengine. Kijana mmoja alikuwa na bango zuri ajabu, grafu za rangi, kila kitu kimenyooka. Mwenzangu akamuuliza, "Umeandika kwamba ulikoroga haraka dakika moja, kisha polepole dakika kumi. Kwa nini?" Akajibu, "Ndiyo njia inayotumika." "Ungekoroga haraka muda wote ingekuwaje?" Kimya. Alitazama bango, akatazama viatu.

Jibu si gumu kwa aliyekoroga kweli: mwendo wa haraka unasambaza unga kwenye maji yote, wa polepole unazipa chembe nafasi ya kukutana na kushikana. Ukiendelea na kasi, mabonge yanavunjika yakiwa ndiyo kwanza yanaundwa. Mtu huona jambo hilo kwa macho yake mara ya kwanza tu anapokosea. Mwenzangu alimshukuru yule kijana kwa upole, akaandika kitu kifupi kwenye fomu, tukahamia meza ya pili.

Lakini kuna sheria inayokataza?

Mada haina mwenyewe. Maji ya tope ni ya kila mtu. Chenye mwenyewe ni maneno ya ripoti, takwimu, picha na grafu. Ukivichukua hivyo bila kusema umevitoa wapi, huo ni wizi wa kitaaluma, na mashindano karibu yote hukuondoa kwa kosa hilo.

Kuna wengine wanaobana zaidi. ISEF, mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi kwa wanafunzi yaliyoanzia Philadelphia mwaka 1950, hayakubali hata urudie mradi wako *mwenyewe* wa mwaka uliopita kwa swali lilelile na njia ileile, hata ukiongeza idadi ya sampuli. Lazima uonyeshe kazi ya mwaka huu imesogea wapi. Kama mtu haruhusiwi kujinakili mwenyewe, fikirieni anayenakili jirani yake.

Si umetufundisha kwamba sayansi ni kurudia majaribio ya wengine ili kuyathibitisha?

Hili ndilo swali bora nililoulizwa mwezi huu, na aliyeliuliza alijua amenibana.

Ndiyo, nimewafundisha hivyo, na bado nasimama hapo. Ila anayerudia kwa ajili ya kuthibitisha husema wazi: fulani alipata hiki, nina shaka na kile, nimerudia nione. Anayeiga huficha. Na mara nyingi kazi kubwa huanzia pale aliyetangulia alipokwama.

Mfano mnaoujua ni penisilini. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliona ukungu ukiua bakteria kwenye sahani yake ya maabara, akachapisha habari hizo mwaka uliofuata. Lakini hakuweza kuitenga dawa ikiwa safi na imara, na jambo likapoa kwa miaka kadhaa. Huko Oxford, Howard Florey na Ernst Chain waliisoma makala yake. Hawakukaa kuthibitisha tena kwamba ukungu unaua bakteria. Walishika swali aliloliacha: itatengwaje, na itafanya kazi ndani ya mwili? Mei 1940 walichukua panya wanane walioambukizwa bakteria, wakawapa wanne dawa. Kesho yake wale wanne walikuwa bado hai, wengine wamekufa. Tuzo ya Nobeli ya 1945 waligawana wote watatu, Fleming akiwemo. Mwaka mzima sitapata mfano mzuri kuliko huo wa kuendeleza kazi ya mtu bila kumwibia.

Basi mimi nishakusanya mbegu za mlonge gunia zima. Nizitupe?

Usitupe. Nenda kabatini, chukua ripoti ya mwaka jana, ruka kurasa zote mpaka sehemu ya "Mapungufu". Hakuna anayeisoma, na ndiyo yenye utajiri.

Wale wenzenu waliandika pale kwamba maji yao yalikaa siku mbili yakaanza kunuka. Hawakufuatilia. Kumbe mbegu haiachi protini ile peke yake. Inaacha pia vitu vingine vya mmea ambavyo bakteria hula na kuongezeka. Hapo tu pana maswali mawili: maji yanakaa saa ngapi kabla harufu haijaanza? Je, mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta ya mbegu, ambayo bado yana ile protini, yanachelewesha harufu kuliko unga wa mbegu nzima?

Swali jingine linatoka kando kidogo. Kuna njia ya kuua vijidudu kwa jua: maji kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, kwa muda wa saa sita kwenye jua kali, au siku mbili mfululizo mawingu yakitanda. Inafanya kazi maji yasipokuwa na tope jingi. Kikomo kinachotajwa ni NTU 30, NTU ikiwa ni kizio cha kupimia tope la maji, maana tope huzuia mwanga. Sasa uliza: kwa maji yenye tope la kiwango fulani, ni kiasi gani kidogo kabisa cha mlonge kinachoyashusha mpaka jua liweze kufanya kazi yake? Angalia kilichotokea hapo. Mwaka jana mlonge ulikuwa jibu. Hapa umekuwa hatua moja tu ya swali lako.

Najua mtasema hatuna mashine ya kupimia NTU. Chukueni bomba refu la plastiki linaloonyesha ndani, chini yake bandikeni duara lililogawanywa robo nne, nyeusi na nyeupe kwa kupokezana. Mimina maji taratibu ukitazama kwa juu, mpaka duara lisionekane. Andika kina kwa sentimita. Wazo hilo ni la Angelo Secchi, aliyepima uwazi wa bahari kwa kuzamisha sahani mwaka 1865. Kina cha sentimita si NTU, kwa hiyo msiviandike kama ni kitu kimoja. Lakini kinatosha kabisa kulinganisha chupa na chupa. Mtu mmoja asome vipimo vyote, mahali pamoja, mwanga uleule.

Na tafadhali: hakuna wa kunywa maji ya jaribio. Wala hakuna wa kuotesha bakteria nyumbani. Anayetaka kupima vijidudu aje tuzungumze kwanza.

Na kama sitaki kuusikia mlonge tena?

Afadhali! Chukua daftari dogo, siku saba andika kila kinachokukera au kukushangaza, hata kiwe cha kipuuzi. Usitafute mada, andika kero. Mmoja wenu aliniletea orodha ya kero 23. Nyingi hazikufaa (nafasi ya kwanza alishika kaka yake), lakini ya 17 ilisema: "Nikikaa nyuma darasani, maneno ya mwalimu yanagongana." Huo ni mwangwi. Unaweza kuupima: piga kofi moja, rekodi kwa simu, tazama kwenye programu ya sauti inachukua muda gani kuzimika. Tundika kitambaa kwenye ukuta wa nyuma, piga tena. Badili ukuta, badili unene wa kitambaa, kimoja kimoja. Sasa anahangaika na swali ambalo hakuna bango linalolijibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti chake.

Kabla hujaipenda kero yako mno, nijibu haya: unaweza kuipima kwa namba na vifaa ulivyonavyo? Unaweza kubadili kitu kimoja na kuacha vingine vilevile? Matokeo yakija kinyume na ulivyodhani, bado utakuwa na la kusema? Likikwama moja, rudi kwenye orodha.

Nikichagua yangu, halafu nikute kikundi kingine wana mada hiyohiyo?

Itatokea. Daftari lako lenye tarehe litakutetea.

Si nitapoteza muda? Wa mlonge wana njia tayari.

Wana njia ya mtu mwingine, na siku ya kwanza isipowafanyia kazi hawatajua waguse wapi. Tumebakiwa na wiki tisa. Wiki moja ya kutafuta swali naihesabu kuwa nafuu, kwa sababu kila mwaka nawaona wanaobadili mada wiki ya saba huku wanalia.

Fomu mpya nazipokea mpaka Ijumaa, saa kumi jioni. Safari hii sitaki ukurasa mzima: nataka swali kwa sentensi moja, kitu utakachobadili, kitu utakachopima na kifaa utakachopimia. Anayeendeleza kazi ya mwaka jana aongeze mstari mmoja unaosema waliishia wapi. Karatasi za bango zimefungiwa kwangu mpaka nione vipimo vya kwanza.