Sauti ya Mwimbaji

Jumamosi usiku, siku mbili kabla ya mtihani wa vitendo, moyo ulinyamaza masikioni mwangu.

Nilikuwa kitandani, hosteli ya chuo chetu cha afya, Mbeya, nikisikiliza rekodi za mapigo ya moyo alizotupa mwalimu. Niliitaka hasa ile ya saba, yenye mvumo kati ya sauti ya kwanza na ya pili, kama mtu anayepuliza chai. Spika ya simu haisaidii hapo. Sauti za moyo ni nzito na za chini mno, spika ndogo haizitoi. Eafoni nilikuwa nazo hizo tu, na shilingi 4,000 za kula hadi Jumatano.

Nikadhani faili limeharibika. Nikafungua wimbo wa kwaya: kinanda kipo, makofi yapo kwa mbali, ila mwimbaji hayupo. Nikachomeka kwenye simu ya Rehema, mwenzangu wa chumba. Vilevile. Angalau nikajua simu yangu nzima.

Asubuhi nikashuka Mwanjelwa, kwa fundi mmoja mwenye meza pembeni ya soko.

“Kaka, eafoni zangu zimekufa.”

“Usiniambie zimekufa, dada. Niambie zinafanya nini na hazifanyi nini.”

Ndivyo tunavyofundishwa kumhoji mgonjwa. Nikamweleza yote. Nilipofika kwa mwimbaji akaacha alichokuwa akifanya, akanisogezea kigoda na kunipa mita ya kupimia umeme.

“Pima mwenyewe.”

Akanionyesha pini ya eafoni: mikanda mitatu myeusi inaigawa sehemu nne. Ncha ni sikio la kushoto, inayofuata ni la kulia, ya tatu ni hasi ya wote, ya mwisho ni maiki. Nikagusa ncha na hasi. Kwenye kioo ikabaki 1 peke yake pembeni kushoto. Maana yake njia imekatika. Kulia na hasi, 1 tena.

“Spika zote mbili zimeungua,” nikasema, na koo likanikaba.

“Mbona una haraka? Gusa kushoto na kulia.”

64.8.

“Kila spika ni kama omu 32,” akasema. “Umeme umeingia kushoto, umepita spika zote mbili, umetokea kulia. Sasa nani mgonjwa?”

Nikatazama ile namba. Kama umeme umepita kote, spika zote nzima, na waya zake mbili pia nzima. Kilichobaki ni hasi.

Hapo akanieleza habari ya mwimbaji. Hasi ikikatika, spika mbili zinabaki zimeungana mkia kwa mkia, kwa hiyo unasikia tu kile ambacho kushoto na kulia vinatofautiana. Mwimbaji hurekodiwa sawasawa pande zote mbili, basi anajifuta. Na rekodi ya moyo yote ni sawa pande zote mbili, ndiyo maana haikubaki hata pigo.

“Imekatikia wapi?” akauliza.

Nikafuata waya kwa kidole. Juu ya njia panda kila sikio lina hasi yake. Ingekatikia huko, sikio moja tu lingekufa. Basi ni chini, kati ya njia panda na pini. Nikarudisha mita kwenye ncha na hasi, akazishikilia sindano za mita, nami nikaukunja waya kidogo kidogo kuanzia kwenye pini. 1. 1. 1. Kiasi cha upana wa vidole vinne hivi, kioo kikaruka: 33. Nikaachia, ikarudi 1. Ndipo hasa waya unapopinda kwenye kona ya simu kila ninapouzungushia.

Akapasua ganda kwa wembe, kwa urefu. Nyekundu nzima, kijani nzima, na ile ya rangi ya shaba imekatika, nyembamba kama unywele. Akaniachia kiberiti niunguze rangi inayoifunika, maana bila hivyo risasi haishiki. Akalehemu, akaifunga peke yake kwa utepe, kisha zote pamoja. Shilingi 1,500.

Nilifungua rekodi ya saba palepale mezani. Ikaja, na mvumo wake. Akaomba sikio moja. Akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu, huku mteja akimsubiri.

“Hii *shwaa* ni nini?”

“Vali haifungi vizuri. Moyo ukikaza, damu kidogo inarudi nyuma.”

“Ipo wapi? Unapajuaje bila kupasua?”

Nikaweka kidole kifuani kwangu, upande wa kushoto, nikahesabu mbavu hadi kati ya wa tano na wa sita.

“Naanzia hapa,” nikamwambia, “ndipo mvumo huu unaposikika zaidi. Kisha nasogeza kidogo kidogo.”