Kuhusu rasimu yako ya dagaa wa Kibirizi: naomba uiandike upya

Mwanga, Kigoma

Mdogo wangu Neema,

Nimeisoma rasimu yako mara mbili, jana usiku na tena leo asubuhi kabla ofisi haijachangamka. Sitakuzungusha: kwa ilivyo sasa hatuwezi kuichapa, na kuigusagusa hapa na pale hakutaiokoa. Inabidi uiandike upya. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna makala nzuri, na sitaki ipotee.

Iko ukurasa wa tano. Mama Riziki amepiga magoti mchangani alfajiri, anatandaza dagaa kwa kiganja, anatazama wingu juu ya ziwa, halafu anamwambia mwanawe akimbie akalete turubai. Nilipofika hapo chai ilipoa mkononi. Mvua ikishuka saa ile, mtaji wa mkopo unaoza mbele ya macho yake. Wewe ulikuwepo, uliona, ukaandika mistari minne, kisha ukarudi kwenye historia ya ziwa!

Kwa hiyo kubwa kuliko yote ni hili: anza na turubai. Kurasa nne za mwanzo ziondoke zote. Ziwa lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Ni kweli, lakini msomaji wetu wa Kigoma ameyajua tangu shule ya msingi, na wa Tabora anataka kujua kwa nini dagaa anaowanunua sokoni wana mchanga. Mfuate mama huyu kuanzia mtumbwi unapotia nanga hadi gunia linapofungwa. Lolote lisilomgusa, liache nje.

La pili ni pesa. Umeandika kwamba biashara ya dagaa "ni ngumu lakini ina faida". Faida kwa nani? Rudi na daftari umuulize: beseni la dagaa wabichi alilinunua kwa bei gani siku ile, mbebaji alichukua ngapi, mabeseni mangapi yakikauka yanajaza gunia moja, na gunia hilo tajiri alilichukua kwa kiasi gani. Akitaja bei ya msimu wa neema, muulize na ya msimu wa uhaba. Ukizipata hesabu hizo huhitaji kutuambia kwamba maisha ni magumu.

Hapo hapo kuna sentensi iliyoniuma. Unasema anaanika mchangani kwa kuwa "hana elimu ya kutosha kuhusu uanikaji bora". Lakini katika maelezo uliyonitumia mwanzoni, yeye mwenyewe alikueleza kwamba dagaa wa chanja ni safi na wananunuliwa bei nzuri. Basi anajua. Kinachomkwamisha ni mbao, wavu na mahali pa kusimamisha chanja. Tafadhali usimvunjie heshima mtu aliyekupa asubuhi yake nzima.

Kisha kuna mambo ya ukweli, na hapa sina simile. Umeandika kwamba wavuvi waliondoka "chini ya mwezi mpevu". Dagaa huvutwa kwa taa, iwe karabai au ya sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku hizo na kushona nyavu. Ama ulikosea usiku, ama uliuweka mwezi kwa ajili ya urembo. Kama hukuuona, utoe. Vilevile, kufungwa kwa ziwa mwaka 2024 umekupitia kwa maneno "kwa muda". Ilikuwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mama Riziki alikula nini miezi hiyo? Alirejesha mkopo kwa kitu gani? Hii inaweza kuwa nusu ya makala yako.

Lugha iache kwanza. Neno "changamoto" nimelihesabu mara 11 na "wadau" mara 7, lakini hayo tutayapalilia pamoja mwishoni. Ukianza kusugua sentensi sasa utasugua zile zitakazofutwa.

Rasimu ina maneno 2,600. Nirudishie 1,400, Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Nafasi yako nimeihamishia toleo linalofuata, hajapewa mwingine. Ukikwama kwenye hesabu za beseni na gunia, nipigie siku yoyote baada ya magharibi, tutazipanga pamoja.

Nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi Kibirizi ofisi italipa. Uende alfajiri, mitumbwi inapoingia. Safari yako ya pili ulifika saa nne, dagaa wameshageuzwa, naye ameshaondoka.

Dada yako,
Zainabu
Mhariri wa makala