Onja kwanza, habari ya rafu baadaye

MWALIKO

Wenye vioski, mameneja wa maduka na wanunuzi wa supamaketi, karibuni kiwandani kwetu Alhamisi ijayo, saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, mwonje juisi zetu. Kuonja ni bure, na hakuna atakayewekewa fomu ya oda mbele yake kabla hajameza.

Zipo tatu: embe, pasheni, na nanasi lenye tangawizi. Ya nanasi haina tone la maji wala sukari ya kuongeza. Embe na pasheni zina maji, kwa kuwa rojo la embe ni zito na pasheni tupu ni kali mno. Pasheni ina sukari pia, na lebo inasema hivyo. Zote hupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa haraka. Zinakaa kwenye friji, nyuzi 4 au chini ya hapo.

Mtaonja kwenye vikombe vyenye namba tu, bila jina wala lebo, ili ulimi ndio uamue. Kati ya kikombe na kikombe kuna maji ya kusukutua. Tunaomba msijipulizie manukato makali asubuhi hiyo, maana harufu ya tunda hupotea humo.

Tutumie neno NAJA pamoja na idadi ya watu wako, tujue tupoze chupa ngapi.

KUMBUSHO

Ni kesho, saa 4 kamili. Kama meneja amebanwa, mtume anayepanga rafu. Huyo ndiye anayejua kipi kinatoka na kipi kinadoda, na maoni yake tunayataka sana. Njooni pia na maswali ya bei. Tutazungumza na kila mmoja pembeni, kwa sababu anayechukua katoni moja na anayechukua mzigo wa matawi kadhaa hawapangiwi sawa.

BAADA YA KUONJA

Asanteni sana mliokuja, na asanteni zaidi mliosema ukweli.

Nanasi lenye tangawizi ndilo lililozua ubishi. Waliolipenda waliomba kikombe cha pili, na wengine walisema linawasha koo na mtoto hatalinywa. Hatutapunguza tangawizi. Tutaandika KALI kwa herufi kubwa mbele ya chupa, mnunuzi ajue anachobeba.

Mama mmoja mwenye kioski alishika chupa ya embe, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaonyesha kilichotuama chini. "Mteja wangu akiona hivi atasema imeharibika." Ana haki ya kuuliza. Ile ni nyama ya embe, nayo hushuka chupa ikitulia. Tumeamua maneno TIKISA KABLA YA KUNYWA yahamie kwenye kifuniko, mahali ambapo mkono unafika kwanza.

Jambo lililotufunza zaidi ni ukubwa wa chupa. Wenye vioski karibu wote walisema lita moja haiwafai: mteja wao hunywa amesimama, anarudisha chupa na kuondoka. Wa supamaketi walitaka hiyo hiyo lita moja, kwa sababu wao huuzia watu wanaopeleka nyumbani. Basi vioski vitapata chupa ya mililita 250, na supamaketi zitapata ya lita moja yenye msimbo pau wa tarakimu 13, isomeke kaunta bila mtu kuandika bei kwa mkono.

Kwa wenye vioski visivyo na friji, tunasema wazi: msichukue kwa sasa. Juisi hii ikikaa juani itachacha, na jina litakaloharibika ni lenu na letu.

OMBI LETU LA RAFU

Baada ya kuwasikiliza, tunachoomba ni kidogo: upana wa chupa sita ndani ya friji, usawa wa macho, kwa mwezi mmoja wa majaribio. Tunaleta mali kauli, mnalipa kilichouzwa. Kila Jumatatu na Alhamisi kijana wetu atapita, atapanga chupa za zamani mbele na mpya nyuma, na kuondoa kila iliyobakiza siku tatu kufika tarehe ya mwisho. Hasara ya zile zilizoondolewa ni yetu.

Supamaketi zinazotaka kuonjesha wateja wenyewe, tutaleta meza, vikombe na mtu wa kumimina siku ya Jumamosi, wakati watu ni wengi. Tupeni tu nafasi karibu na friji, ili aliyeipenda asitembee kutafuta chupa.

Mlioonja na bado mnafikiria, tuna sampuli zilizopozwa. Tujulisheni saa ambayo duka halina foleni, tuje tuzungumze dakika kumi.