YAH: Maombi ya kazi ya utengenezaji wa programu za simu, ngazi ya kuanzia

Ndugu Meneja Ajira,

Naomba nafasi tajwa hapo juu. Kotlin nimejifunza mwenyewe, na kazi ninayoileta kwenu ni moja: Daftari la Kikoba, iliyopo Google Play. Katibu wa kikoba huitumia kuandika hisa, mikopo na faini bila intaneti. Rejesho la mkopo na salio la sanduku huhifadhiwa kwa Room katika muamala mmoja. Simu ikizimika katikati, ama vyote vimeingia ama hakuna kilichoingia. Fedha za akina mama hazifai kubahatishwa. Msimbo wote uko GitHub, kiungo kimo kwenye wasifu wangu. Naishi Mbagala. Kwenye usaili, nipeni hitilafu halisi niitatue mbele yenu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Neema